Makala ya Ishirini na Tatu kwenye Foleni

Mimi hukaa mapokezi. Kazi yangu ni kumwambia kila anayeingia "karibu", hata yule ambaye moyoni namwambia arudi alikotoka. Miaka tisa niko kwenye kiti kile kile chenye gurudumu moja bovu, na kwenye kiti hicho hakuna neno linalonipita. Kwa hiyo watu wa nje wakisema Bi Nukta alipitiwa tu, mimi huwa nanyamaza. Sinyamazi kwa kukubali. Nanyamaza kwa sababu na mimi nilikuwemo.

Karakana yetu inatengeneza miguu ya bandia, zaidi ya watoto. Chini wako mafundi wa plasta na wa plastiki, na upande wa dirishani iko cherehani ya mikanda. Juu ni ofisi: chumba cha Mkurugenzi, meza ya Bi Nukta, na kabati la mafaili ambalo mlango wake unafungwa kwa kipande cha katoni. Tunaishi kwa wafadhili, na wafadhili wanaishi kwa kusoma habari. Mtoto akipata mguu, inaandikwa makala kwenye blogu, kisha makala inatangazwa kwenye mitandao ili watu waione, waguswe, watoe.

Kutangaza huko ndiko kulikokuwa kazi ya Bi Nukta, afisa wetu wa habari. Jina hilo nilimpa mimi, kwa sababu hakuna sentensi iliyotoka jengo lile bila yeye kuikagua nukta yake. Ujanani alikuwa msomaji prufu kwenye gazeti, gazeti likafa, akaja kwetu na kalamu yake ya risasi sikioni. Hakuolewa. Alisomesha watoto watatu wa kaka yake, na hao watatu walipopata kazi walimtumia salamu kwa mwaka mara moja. Mtu wa namna hiyo kazi haiwi kazi tu. Ndiyo mume, ndiyo watoto, ndiyo sahani ya mchana.

Makala moja aliiandikia kepsheni tatu, yaani maneno ya kuinadi mitandaoni. Ya kwanza fupi, kwa mtandao ule wa watu wasio na subira. Ya pili kwa mtandao wa picha, yenye alama za reli mwishoni na maneno "linki iko kwenye wasifu wetu", maana kule linki ukiiweka kwenye maelezo haibonyezeki. Ya tatu ndefu kidogo, ya adabu, kwa mtandao wa watu wa maofisini, ambako wafadhili hujifanya hawalii. Zote aliziandika kwa mkono kwanza, akazisoma kwa sauti, akafuta, akaandika tena. Nilikuwa nikimcheka. "Dada, hiyo ni kepsheni au ni kitabu?" Naye hujibu bila kuinua kichwa: "Wewe sema karibu. Niachie maneno yangu."

Tena alikuwa na daftari jekundu. Humo aliandika makala ambazo hazitakiwi kutangazwa tena: mtoto ambaye wazazi waligombania picha, mfadhili aliyeingia kwenye kashfa, na mengine. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza kabisa, iliandikwa makala ya Chiriku.

Chiriku alikuwa mtoto wa miaka saba, wa kike, mdomo haufungi. Jina hilo walimpa mafundi wa plasta, kwa vile alipokaa kupimwa mguu aliwahoji mpaka wakasahau vipimo. Mguu wake wa kushoto ulikatwa kwa sababu ya saratani ya mfupa. Siku aliyotembea na mguu mpya, Bi Nukta aliiandika makala mwenyewe, papo hapo, na ilianza hivi: "Leo asubuhi Chiriku amepiga hatua kumi na moja, na ya kumi na mbili akatuambia tusimshike." Ilikuwa makala nzuri kuliko zote tulizowahi kutoa. Miezi minane baadaye saratani ilirudi kifuani, ikammaliza.

Mama yake tulikuwa tumeshampa kazi kwenye cherehani ya mikanda. Ni mtu mpole, mwembamba, anayeshona kama anayeogopa kukiumiza kitambaa. Kabla ya msiba sote tulimwita Mama Chiriku. Baada ya msiba ulimi ukawa mzito, hujui uite nini, na ni Bi Nukta aliyeanza siku moja kumwita Fundi, kwa upole tu, na sote tukamfuata. Alikuwa amelala msibani kwake siku nne. Fundi alimwita dada. Si dada wa adabu. Dada wa kweli, wa kugawana kanga na kufunguliana mlango.

Aliporudi kazini baada ya msiba, Fundi alipanda ngazi mpaka mezani kwa Bi Nukta, mimi nikiwa pale na chai.

"Dada, ile habari ya mwanangu msiifute," alisema. "Huwa naingia naisoma. Lakini msiitoe tena mbele za watu. Watu wataniuliza anaendeleaje. Nitawajibu nini?"

Bi Nukta akatoa daftari jekundu, jipya kabisa, akafungua ukurasa wa kwanza, akaandika mbele ya macho yake, akaweka nukta. "Haitatoka nikiwa hai," alisema. Na kwa miaka mitatu haikutoka.

Basi mwaka juzi tukaletewa Mkurugenzi mpya. Huyu anapenda namba. Akaweka na sheria yake: kila posti ya karakana ikitoka, kila mfanyakazi lazima ailaiki ndani ya dakika tano, awe anashona, anasaga plasta au yuko msalani. Eti mtandao ukiona watu wanaikimbilia posti mapema, unaisukuma kwa wengine. Tukazoea. Simu inatetemeka, kidole kinakwenda chenyewe kwenye moyo, unaendelea na kazi. Kusoma nani asome.

Kisha akaona Bi Nukta anachelewa. Makala inatoka Jumanne, kepsheni zinatoka Ijumaa. Akamleta Mtaalamu, mwanamume wa makamo mwenye upara na begi la mgongoni, mstaarabu, anayekuja siku mbili kwa wiki. Mtaalamu alitueleza kwa lugha ya watu. Blogu yetu, alisema, ina kitu kinaitwa mlisho wa RSS. Ni orodha inayojiandika yenyewe: kila makala mpya ikichapishwa, kichwa chake, linki, tarehe, maneno ya mwanzo na alama ya utambulisho vinaingia humo. Mtambo wa akili bandia utakuwa unaichungulia orodha ile kila nusu saa. Ukikuta alama ambayo haujawahi kuiona, unajua hii ni makala mpya. Unaisoma, unaandika kepsheni tatu, kila mtandao kwa namna yake, unazipanga kwenye foleni: saa tatu asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni, hata Jumapili. Kabla ya kutoka zinasubiri mtu azikague na kubonyeza idhini.

"Na mtu huyo ni nani?" aliuliza Bi Nukta.

"Ni wewe, mama. Nusu siku itakutosha."

Nusu siku. Yaani nusu mshahara, lakini nilimwona usoni, hakuwa anahesabu mshahara. Alikuwa anahesabu mchana. Saa sita atatoka aende wapi, kwa nani?

Mtaalamu akamuuliza swali, na swali hilo nalikumbuka kwa sababu aliliandika na jibu lake kwenye kijitabu. "Mama, kuna makala zozote ambazo hazitakiwi kutoka? Nipe orodha, nitaweka chujio. Mtambo ukiziona utazipita."

Daftari jekundu lilikuwa kwenye mkoba, mkoba ulikuwa magotini pake.

"Hakuna," alisema. "Si umesema mtambo una akili? Utajua wenyewe."

Mtaalamu akaandika: hakuna. Aliposhuka ngazi nikamuuliza Bi Nukta mbona hivyo. Akaniambia, "Mtambo unachukua makala mpya tu. Za zamani zinauhusu nini? Miaka ishirini ya kichwa changu niwape bure, halafu wanitoe saa sita kama mtoto wa chekechea?" Nikacheka. Kwa hakika lilikuwa neno la kuchekesha, na kwa wakati ule halikuwa na ubaya wowote wa kuonekana.

Miezi mitatu mambo yakaenda. Mtambo mwanzoni ulikuwa kichekesho. Tulichapisha makala ya kumuaga fundi wetu mkongwe aliyefariki, nao ukaandika "Usikose habari hii ya kusisimua" na vikaragosi vya fataki. Bi Nukta akaifuta kwa furaha ya wazi, akaipeleka kwa Mkurugenzi imechapwa kwenye karatasi. Mtaalamu akaubadilishia mtambo maelekezo: makala ikiwa na neno la msiba, andika kwa utulivu, hakuna fataki. Ukatii. Kila kosa alilolikamata Bi Nukta, mtambo ulijifunza, na kila ulipojifunza, yeye alizidi kukosa la kukamata. Akaanza kufika saa mbili na kumaliza saa tatu. Saa zilizobaki alikaa akichonga penseli.

Halafu blogu ikahamishwa. Ile ya zamani ilikuwa nzito, inafunguka kwa kusuasua, kwa hiyo Mtaalamu akaihamishia kwenye mfumo mpya siku za Jumamosi na Jumapili. Makala zote themanini na sita zikahama salama. Lakini mfumo mpya uliipa kila makala alama mpya ya utambulisho, na tarehe ya siku ya kuhama. Na ili ahakikishe hakuna iliyopotea njiani, Mtaalamu aliuambia mlisho uonyeshe mpaka makala mia za mwisho, badala ya kumi. Alichosahau ni kuuzima mtambo kwanza. Mtambo ukachungulia kama kawaida yake, ukakuta alama themanini na sita ambazo haujawahi kuziona. Ukasema moyoni mwake, kama una moyo, kumbe leo kuna kazi. Ukaziandikia zote kepsheni.

Jumatatu saa mbili asubuhi Bi Nukta alifungua kompyuta, akaniita juu kwa kidole.

"Njoo uone akili."

Foleni ilikuwa imejaa mpaka mwezi ujao. Tangazo la barabara iliyofungwa miaka minne iliyopita: "Leo barabara yetu imefungwa." Tangazo la nafasi ya kazi, kazi yenyewe ya Mkurugenzi, alipotoka yule wa zamani: "Tunatafuta kiongozi mpya." Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu alipopewa nusu siku.

"Zifute," nikasema.

"Nizifute kwa nini? Mimi ni nani? Mimi ni wa kubonyeza tu." Akateremsha ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa tatu mkono ukasimama, kicheko kikamkatika. Akaibonyeza moja ikafunguka, na mimi nikaona. Picha ya Chiriku kwenye vyuma vya kujishikilia, mama yake nyuma amefungua mikono bila kumgusa. Ilikuwa ya ishirini na tatu kwenye foleni: Jumatatu ijayo, saa saba mchana.

"Hiyo itoe," nikasema, na sasa sikuwa nacheka.

"Nitaitoa. Jumatatu ijayo asubuhi. Nikiitoa leo, mtambo unaandika nani ametoa nini na saa ngapi. Watasema ulipita foleni nzima, ukaona, ukanyamaza." Akarudisha ukurasa nyuma. "Itatosha tangazo la kiongozi mpya. Likitoka, Mkurugenzi atausimamisha mtambo siku hiyo hiyo. Hii haitafika."

Akabonyeza "Idhinisha zote". Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika na makala themanini na sita. Akabonyeza ndiyo.

Mimi nikashuka ngazi, nikarudi kusema karibu. Nilikuwa na mdomo, tena mdomo mrefu unaojulikana, na Fundi alikuwa hatua ishirini kutoka mezani kwangu. Sikusema. Nilitaka kuona uso wa Mkurugenzi likitoka lile tangazo. Ndiyo ukweli wenyewe, na sitaupaka sukari.

Sasa usikie dunia ilivyo. Saa tatu ikatoka barabara iliyofungwa. Simu zikatetemeka jengo zima, tukalaiki. Saa saba ikatoka habari ya mtoto mmoja wa zamani. Watu wakaipenda. Jumanne vile vile. Tangazo la kiongozi mpya lilitoka Jumanne mchana, Mkurugenzi naye akalilaiki kama sisi sote, kwa kidole, bila kusoma. Kwenye komenti watu wakamtakia kheri huko aendako. Wala hakuziona. Aliona namba tu, na namba zilikuwa zimepanda mara tatu, kwa sababu zile makala za zamani ziliandikwa na mtu, na watu huwa wanajua.

Jumanne jioni nikamsikia akiongea na Mtaalamu kwa simu, mlango wazi. "Mambo yanakwenda vizuri sana. Ongeza. Badala ya tatu kwa siku, weka sita." Mtaalamu akiwa nyumbani kwake akabadilisha ratiba, foleni ikajisogeza. Kuanzia Jumatano posti zikawa sita kwa siku.

Nilisikia kwa masikio yangu mawili. Nilisema nitamwambia Bi Nukta asubuhi. Asubuhi alipita mapokezi hakunisalimia, alikuwa amenuna mipango yake imegeuka sifa kwa mtambo, na mimi nikasema moyoni, haya, hata salamu? Basi na mimi nina lipi la kukwambia. Sikukaa kuhesabu. Ningehesabu kwa vidole vya mikono na miguu ningepata jibu: ya ishirini na tatu haikuwa tena ya Jumatatu. Ilikuwa ya Ijumaa, saa kumi alasiri. Naye Bi Nukta hakuifungua tena foleni wiki ile. Alisusa.

Ijumaa saa kumi nilikuwa chini, nimepeleka barua kwa mafundi. Fundi alikuwa kwenye cherehani, mkanda wa nailoni chini ya sindano, mguu kwenye pedeli. Simu yake iliyoegemezwa kwenye kopo la uzi ikatetemeka, na yangu, na za kila mtu. Mkono wa kulia ulibaki kwenye mkanda. Wa kushoto ukaenda kwenye simu, kidole kikagusa moyo, moyo ukawa mwekundu. Mkono ukarudi kwenye mkanda. Akashona kama inchi nne hivi. Halafu mguu ukaacha pedeli, akageuza kichwa, akatazama alichokipenda.

"LEO ni siku ya furaha! Chiriku, miaka 7, amepiga hatua zake za kwanza asubuhi hii, na wala hataki kushikwa. Mpe Mama Chiriku pongezi hapa chini."

Mtambo haukukosea. Ndivyo makala ilivyosema: leo asubuhi. Neno la msiba halikuwamo, ungejuaje. Fataki tatu, mikono ya kupiga makofi miwili.

Hakupiga kelele. Aliichukua simu kwa mikono yote miwili, akaileta karibu. Mafundi wa plasta nao wakaona, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikuwa ameshalaiki. Komenti zilikuwa zinashuka tunaziona. Hongera Mama Chiriku. Mungu mkubwa, Mama Chiriku. Mama Chiriku, mwambie shangazi anampenda. Mwingine akauliza, sasa tutaona lini video yake anakimbia? Miaka mitatu hakuna aliyemwita jina lile. Sasa waliliita mara mia mbili kwa dakika kumi.

Mkurugenzi akashuka ngazi mbili mbili, simu mkononi, uso unang'aa. Yeye alikuja Chiriku ameshazikwa, hakujua lolote. "Nani ana namba za mama wa mtoto huyu? Hatujawahi kufika hapa, tumeshawapita hata—" Akamtazama Fundi, akatazama picha, akamtazama tena. "Kumbe ni wewe. Fundi, mbona hukusema? Yuko wapi huyu mtoto? Mlete Jumatatu tumpige picha mpya."

"Hayupo," alisema Fundi.

"Yuko shule?"

Hapo mimi ndiyo nikamshika Mkurugenzi mkono, nikamvuta mpaka kwenye ngazi na kumwambia. Akaketi pale pale kwenye kidato. Posti ikaondolewa saa kumi na dakika arobaini, lakini kuiondoa kwetu hakukuiondoa kwa watu. Walikuwa wameshaipiga picha kwenye vioo vya simu zao, wameshaibandika kwenye kurasa zao na makundi yao, na komenti zao ziliendelea huko tusikoweza kufuta. Jirani zake waliiona. Mama mkwe wake wa kijijini alipigiwa simu na mtu kumwambia mjukuu ametembea.

Jumamosi nilikwenda nyumbani kwake, chumba na sebule, nikamkuta na Bi Nukta. Bi Nukta ameketi chini kwenye mkeka, macho mekundu, kitambaa kinywani. Fundi ndiye aliyekuwa akimbembeleza. Unasikia? Yeye ndiye aliyekuwa akibembeleza.

"Dada, usijitese," alikuwa akimwambia. "Umesahau tu. Makala themanini na sita, nani angekumbuka moja? Binadamu husahau. Hata mimi kuna siku nasahau."

Bi Nukta akainua macho akanitazama, akaniomba kwa macho yale yale. Nikanyamaza mara ya tatu. Nikanywa chai niliyopewa, nikaaga.

Jumatatu tulikusanywa ofisini juu, wote. Mkurugenzi alitaka kumfukuza Mtaalamu. Mtaalamu alisimama na begi lake mgongoni, hakujitetea sana. Alisema kosa la kutozima mtambo kabla ya kuhamisha blogu ni lake, na analibeba. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba hata hivyo hakuna kinachotoka bila idhini, na akafungua kumbukumbu za mtambo ukutani ambako huwa tunaonyeshwa namba. Saa mbili na dakika kumi na nne asubuhi, Jumatatu: makala themanini na sita zimeidhinishwa. Kabla ya hapo, saa mbili na dakika kumi na moja: makala ya ishirini na tatu imefunguliwa, imetazamwa. Mbele ya mistari yote miwili, jina moja. Akatoa na kijitabu chake, akasoma swali lake la miezi mitatu nyuma, akasoma na jibu: hakuna.

Watu wakamgeukia Bi Nukta. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, lakini hawakusema ukikiona ufanyeje nacho.

Fundi alikuwa amesimama karibu na kabati, mikono imefumbatwa. "Dada," akasema, "lile daftari jekundu bado unalo?"

Bi Nukta akaukumbatia mkoba. Fundi akasogea, akanyoosha mkono, na Bi Nukta akafungua mkoba akampa. Nadhani hakuwa na nguvu ya kukataa. Fundi akafungua ukurasa wa kwanza. Mstari wa kwanza ulikuwa pale, mwandiko mzuri wa penseli, umepigiwa mstari chini mara mbili, na nukta mwishoni. Akausoma, akapitisha kidole juu yake kama anayepima upana wa mkanda.

"Kwa hiyo hukusahau," alisema.

Bi Nukta akafungua mdomo. Miaka ishirini ya maneno, kepsheni tatu kwa kila jambo la dunia hii, na siku ile hakupata hata ile fupi.

Hakufukuzwa. Mkurugenzi alipouliza afanywe nini, Fundi ndiye aliyesema abaki. Watu walisema ni wema. Mimi sijui kama ni wema. Mtaalamu aliweka chujio, na Bi Nukta akapewa kazi ya kuliingiza daftari lote kwenye mtambo, mstari kwa mstari, kuanzia wa kwanza. Nilimtazama akiandika jina la Chiriku kwa herufi moja moja. Sasa mtambo unajua. Hautasahau, na hauna hasira na mtu.

Mimi hakuna aliyeniuliza. Kumbukumbu za mtambo haziandiki aliyesimama nyuma ya kiti akicheka.

Bi Nukta bado anakuja, anatoka saa sita. Kila asubuhi akipita karakana, Fundi huacha kushona, husimama, humsalimia mtu mzima kama alivyolelewa. Zamani alimwambia, "Shikamoo dada." Siku hizi humwambia, "Shikamoo, afisa." Bi Nukta huitikia marahaba, hupanda ngazi akishika ukuta, na Fundi hukaa tena akaendelea na mkanda wake.